Kukagua Kalvati na Tuta Baada ya Mafuriko: Mwongozo Kamili kwa Anayeandika Ombi la Fedha za Dharura Mombasa

Kila baada ya masika au vuli nzito, maombi ya fedha za kukarabati barabara hurudishwa kwa sababu moja. Mwandishi ameeleza mafuriko vizuri sana, lakini hakueleza uharibifu. Ataandika "kalvati limeharibiwa vibaya na wananchi wanateseka," abandike picha nne za maji, kisha ataje jumla ya shilingi. Anayesoma ofisini hawezi kuidhinisha hapo, hata akiwa na huruma.

Anachotakiwa kuona ni mambo mawili: mafuriko haya yalivunja nini, na ni nini kilichokuwa kimevunjika kabla. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kifungu cha 112, inaruhusu malipo kutoka mfuko wa dharura wa kaunti pale hitaji linapokuwa la haraka na lisilotarajiwa. Bomba lililoziba kwa miaka mitatu halikuja ghafla. Ukilichanganya na tuta lililokatika usiku mmoja, unalitia shaka ombi lote.

Nitatumia kalvati moja la mfano. Lipo upande wa Jomvu, kwenye barabara ya moramu inayoteremka kuelekea hori ya Tudor. Lina bomba moja la zege la kipenyo cha milimita 900, lenye vipande 8 vya mita 1 kila kimoja. Tuta lina kimo cha mita 1.8 na barabara juu yake ni pana mita 6. Maji yaliruka barabara na kulikata tuta mita 12 kutoka kwenye bomba.

## Vitu vya kubeba

- Futikamba ya mita 30 na nyingine ya mita 5
- Mtaimbo
- Fito ya mita 2 iliyopakwa rangi mbili kwa kupokezana, kila pande sentimita 20
- Mpira wa maji unaoonyesha ndani, ule wa mafundi wa kusawazisha msingi, mita 20 au zaidi
- Kopo la rangi na brashi
- Tochi kali, buti za mpira, fulana inayong'aa
- Simu yenye kamera na ramani, daftari, penseli (wino huyeyuka ukilowa)
- Jedwali la kupwa na kujaa kwa bandari ya Kilindini

Nenda na mtu wa pili. Mmoja apime, mwingine aandike na kuangalia magari.

## Hatua ya 1: Hakikisha barabara ni ya nani

Kabla hujavaa buti, uliza kwa mhandisi wa kaunti kama barabara iko chini ya Kaunti au chini ya mamlaka ya kitaifa: KURA ya barabara za mijini, KeRRA ya vijijini au KeNHA ya barabara kuu. Kipimo kizuri kilichopelekwa kwa mwenye barabara mwingine hurudi baada ya wiki kadhaa, na mvua haikungoji. Ukiwa na jina la barabara na jina la mwenye nayo kwa maandishi, endelea.

## Hatua ya 2: Fika mapema, maji yakiwa yamekupwa

Lenga siku tatu za kwanza. Alama za maji hufutika upesi: watu hufagia, jua hukausha tope, na vijana wa mtaa wenye nia njema hujaza mkato kwa magunia ya mchanga ili bodaboda zipite. Siwalaumu hata kidogo. Lakini niliwahi kufika siku ya sita nikakuta mkato umejazwa mawe na takataka hadi juu, na sikuwa na kipimo hata kimoja cha kuonyesha. Tangu hapo huwa naomba dakika ishirini za kupima kabla gunia la kwanza halijawekwa.

Karibu na hori, chagua saa ya kupwa. Maji yakijaa, mdomo wa kutokea wa kalvati hufunikwa, na shimo lililochimbwa chini yake hulioni.

Hadhari. Usisimame ukingoni mwa mkato, kwa maana udongo wa juu huweza kuning'inia hewani bila kitu chini. Usiingie ndani ya bomba kwa sababu yoyote. Mawingu yakikusanyika upande wa bara, ondoka; maji hufika hata kama pale uliposimama hakujanyesha.

## Hatua ya 3: Weka alama ya rejea, kisha tafuta alama za maji

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na ndiyo inayoeleza kisa chote.

Paka doa la rangi juu ya ukuta wa mdomo wa kuingilia. Kila kimo utakachopima, kipime kutoka doa hilo. Kwa kuhamisha usawa kutoka doa hadi mahali pengine, tumia mpira wa maji: maji ya ncha zote mbili husimama usawa mmoja, hata kama kuna kona katikati. Hakikisha hakuna povu ndani ya mpira, maana povu moja hupotosha kipimo.

Sasa tafuta maji yalifika wapi. Angalia mstari wa takataka kwenye uzio, tope kwenye ukuta wa nyumba, nyasi zilizokwama kwenye matawi. Pima alama mbili au tatu upande wa juu, maji yanakotoka, na nyingine upande wa chini, yanakokwenda. Kisha waulize wenyeji.

"Shikamoo mzee. Maji yalifika wapi hapa kwako?"

"Marahaba, mwanangu. Yalifika kizingiti hiki. Nilikuwa nimeamka kwa swala ya alfajiri, nikayakuta mlangoni."

Jibu hilo limekupa kimo na saa. Fungua jedwali la Kilindini uone bahari ilikuwa wapi alfajiri ile. Kama ilikuwa bamvua na maji yamejaa, huenda bahari ilizuia maji ya mvua yasitoke. Kama yalikuwa maji mafu au yamekupwa, bahari haina kosa.

Katika mfano wetu, alama ya upande wa juu iko mita 0.55 juu ya doa. Ya upande wa chini iko mita 0.70 chini ya doa. Tofauti ni mita 1.25. Maana yake maji yalijazana nyuma ya tuta huku mbele yake yakiwa kidogo, kwa hiyo aliyeyazuia ni bomba. Lau alama za pande zote mbili zingekaribiana, ningeshuku hori imejaa, na bomba kubwa zaidi lisingesaidia chochote.

Pima pia sehemu ya barabara iliyokuwa chini kuliko zote, kwenye ukingo uliobaki wa mkato. Hapa iko mita 0.40 juu ya doa. Maji yalifika 0.55, kwa hiyo yalipita juu ya barabara kwa kina cha sentimita 15. Sasa unajua kwa nini tuta lilikatika pale na si penye bomba: maji yalitafuta bonde la barabara, yakaporomoka mteremko wa pili, yakala udongo kuanzia chini kurudi juu.

Utajua umefaulu ukiweza kumweleza mtu ambaye hakufika pale, kwa vipimo vitatu tu, maji yalianza wapi kuharibu na kwa nini.

## Hatua ya 4: Tenganisha jipya na la zamani

Kagua kwa kufuata maji: mdomo wa kuingilia, ndani ya bomba, mdomo wa kutokea, halafu tuta. Kila kasoro unayoiona, jiulize ina umri gani.

Zege lililovunjika juzi lina rangi ya kijivu cheupe na kingo kali zinazokwaruza kidole. La zamani limesawijika, kingo zimelainika, na mara nyingi lina ukungu wa kijani ndani ya ufa. Mizizi iliyofukuliwa na mafuriko huwa bado mibichi ukiikwaruza. Ya zamani imekauka na kuvunjika kama kijiti.

Jihadhari na kutu. Hapa kwetu hewa ya chumvi huipaka nondo kutu ya rangi ya machungwa baada ya siku chache tu, kwa hiyo kutu peke yake haithibitishi kwamba nondo ilikuwa wazi zamani. Iguse. Kutu changa ni vumbi linalofutika; kutu ya miaka hubanduka kwa magamba.

Tope nalo lina tabaka. Chomeka fito ndani ya mdomo wa bomba. Katika mfano wetu inazama kwa urahisi sentimita 25, kisha inagonga kitu kigumu chenye mizizi ya nyasi, kinachoendelea sentimita 30 hadi sakafu ya bomba. Tabaka la juu ni la mafuriko haya. La chini lilikuwepo.

Udongo wa mahali pia utakuambia utafute nini. Pande za Jomvu, Mikindani na Changamwe kuna mfinyanzi uliotokana na miamba laini: hupasuka kiangazi, na ukishiba maji huteleza kwa mapande. Tafuta nyufa ndefu zinazofuatana na ukingo wa barabara. Kisauni kwenye mchanga, tuta laweza kuonekana zima kwa nje huku mchanga ukiwa umechujwa kupitia viungo vya bomba, na kuacha pango chini ya gurudumu.

Kwa ushahidi wa kabla, tafuta picha za zamani za setilaiti kwenye Google Earth, ripoti za matengenezo za wadi, na picha za wakazi zilizo kwenye simu zao. Picha ya harusi iliyopita barabara ile mwaka jana, tuta likiwa zima nyuma yake, ni ushahidi mzuri kabisa.

Sasa sema ukweli wote. Mfano wetu una udhaifu: theluthi ya kimo cha bomba ilikuwa imeziba kabla ya mvua. Mwandishi mwoga atalificha hilo. Msomaji ataliona kwenye picha, na hapo imani itakuwa imekwisha. Liandike mwenyewe, kisha onyesha kwa hesabu kama bomba safi lingefua dafu:

```
Q = C × i × A / 360
Q = 0.5 × 80 × 25 / 360 = 2.8
```

Q ni mita za ujazo za maji kwa sekunde, C ni sehemu ya mvua inayotiririka badala ya kunywewa na ardhi, i ni mvua kwa milimita kwa saa, na A ni eneo linaloleta maji, kwa hekta. Tuseme rekodi imeonyesha milimita 80 katika saa moja na ramani imeonyesha hekta 25. Bomba safi la milimita 900, maji yakiwa yamepanda hadi usawa wa barabara, hupitisha takribani mita za ujazo 2 kwa sekunde. Kwa hiyo maji yangeruka barabara hata bomba lingekuwa tupu. Tope la zamani liliongeza tu ukali. Sentensi hiyo moja inalinda ombi lako. Mpe mhandisi aihakiki, kwa sababu umbo la mdomo na kimo cha maji upande wa kutokea hubadilisha uwezo wa bomba.

Takwimu za mvua ziombe kwa maandishi kutoka Idara ya Hali ya Anga. Usichukue mvua ya siku nzima ukaigawa kwa 24. Mvua ya Mombasa hupiga kwa saa moja au mbili, na wastani wa siku utaonyesha kana kwamba palikuwa na manyunyu.

## Hatua ya 5: Tafuta pango usiloliona

Tembea juu ya mstari wa bomba na upige mtaimbo chini kila nusu mita. Ardhi iliyoshikana hutoa mlio mkavu. Penye pango mlio ni mzito kama wa ngoma, au mtaimbo unazama ghafla. Zungushia rangi mahali hapo na uweke matawi, bodaboda zisipite.

Halafu mulika tochi ndani ya bomba ukiwa nje. Bomba zima huonekana kama duara ndani ya duara, hadi mwanga wa upande wa pili. Duara likikatika au likishuka, hesabu kiungo cha ngapi. Kwetu kiungo kati ya kipande cha 5 na cha 6 kimeachana sentimita 4, na juu yake mtaimbo umepata pango la mita 2 kwa 1, kina mita 0.6. Mambo haya mawili ni jeraha moja: udongo uliingia kwenye uwazi na kusombwa. Ukijaza pango bila kulaza upya vipande, litarudi mvua ijayo.

## Hatua ya 6: Geuza uharibifu uwe vipimo

Mkato wa tuta una upana wa mita 6 juu na mita 3 chini, kina mita 1.8. Wastani wa upana ni mita 4.5. Kukatiza barabara, tuta ni mita 6 juu na mita 11.4 chini kwa sababu ya miteremko, wastani mita 8.7.

```
4.5 × 8.7 × 1.8 = 70.5
```

Hizo ni mita za ujazo 70.5 za udongo ulioshindiliwa. Kosa la kawaida hapa ni kutumia mita 6 za juu peke yake kwa kukatiza barabara na kusahau miteremko, ukajikuta na udongo pungufu kwa karibu theluthi.

Udongo uliolegea kwenye lori huchukua nafasi zaidi, tuseme asilimia 30, yaani takribani mita za ujazo 92. Hiyo ni tipa 10 za mita za ujazo 10. Bei iandike kwa mita iliyoshindiliwa, na idadi ya tipa ibaki maelezo tu. Ukiandika zote mbili kama kazi zenye bei, umeomba kulipwa mara mbili.

Shimo la mdomo wa kutokea lina umbo la yai, mita 4 kwa 3. Pima kina mahali patano: 0.4, 0.9, 1.2, 0.8 na 0.3. Wastani ni 0.72. Zidisha 4 kwa 3 kwa 0.785, inayogeuza eneo la mstatili kuwa la umbo la yai, kisha kwa 0.72, upate mita za ujazo 6.8. Usitumie kina kikubwa kuliko vyote peke yake.

## Hatua ya 7: Picha zinazokubalika

Kila kasoro ipigwe mara mbili: ya mbali inayoonyesha kitu cha kudumu kama nguzo ya umeme au minara ya msikiti, na ya karibu yenye fito ndani yake. Picha isiyo na fito haina ukubwa. Zipe namba papo hapo daftarini, na uandike umesimama wapi unaelekea wapi.

Majira ya ramani yaandike kwa tarakimu tano baada ya nukta, na usisahau alama ya kutoa: Mombasa ni `-4.0` na kitu, `39.6` na kitu. Ukiacha alama ile, kalvati lako linahamia kusini mwa Ethiopia.

## Hatua ya 8: Jedwali la kazi

Kila mstari uelekeze kwenye picha yake na kwenye fungu lake la fedha.

| Na. | Kazi | Kiasi | Picha | Fungu |
|---|---|---|---|---|
| 1 | Kujaza tuta lililokatika na kushindilia kwa tabaka | m³ 70.5 | 07–11 | Dharura |
| 2 | Kufukua na kulaza upya vipande 3 vya bomba | m 3 | 14, 15 | Dharura |
| 3 | Kujaza pango juu ya kiungo | m³ 1.2 | 16 | Dharura |
| 4 | Kujaza mawe shimo la mdomo wa kutokea | m³ 6.8 | 18–20 | Dharura |
| 5 | Kuondoa tope jipya bombani | m³ 1.8 | 04 | Dharura |
| 6 | Kuondoa tope la zamani bombani | m³ 1.5 | 05 | Matengenezo ya kawaida |
| 7 | Kuongeza bomba la pili | m 8 | – | Uboreshaji |

Mistari ya 6 na 7 ndiyo inayofanya mitano ya kwanza iaminike. Bomba la pili linahitajika kweli, na hesabu ya hatua ya 4 imeonyesha hivyo, lakini si kurudisha kilichokuwepo. Liombe kwa barua yake, ukiambatisha hesabu ile ile.

Bei za kila kazi zichukue kwa mhandisi wa kaunti, za mwaka huu wa fedha. Usikadirie kwa jumla kisha ukaigawanya kurudi nyuma. Mkaguzi huligundua hilo kwa dakika moja. Kwenye mstari wa 1 ongeza maelezo kwamba kuta za mkato zitakatwa ngazi kabla ya kujaza, na udongo utashindiliwa kwa tabaka za milimita 150 hadi 200. Bila ngazi, udongo mpya hauungani na wa zamani, na maji hupita kwenye mshono.

## Hatua ya 9: Andika maelezo kwa ukurasa mmoja

Linganisha. Haya ndiyo yanayorudishwa:

> Kalvati limeharibiwa sana na mafuriko na linahitaji ukarabati wa haraka.

Na haya yanasomeka:

> Maji yalipanda mita 1.25 zaidi upande wa juu kuliko wa chini, yakapita juu ya barabara kwa kina cha sentimita 15 na kukata tuta kwa upana wa mita 6. Kiungo cha 5–6 cha bomba kimeachana na kuna pango chini ya barabara. Theluthi ya kimo cha bomba ilikuwa imeziba kabla. Kuisafisha hakumo katika ombi hili.

Malizia kwa kueleza kitakachotokea ukarabati ukingoja bajeti ijayo, maana ndilo swali la kifungu cha 112. Usiandike "watu watateseka." Andika kwamba pango liko chini ya njia ya magurudumu, kwamba hii ndiyo njia pekee ya gari kwa nyumba kadhaa ulizozihesabu, na kwamba vuli huanza Oktoba.

## Hatua ya 10: Rudi baada ya mvua ijayo

Ombi likiwa bado mezani, nenda tena na fito na doa lako la rangi. Pima upana wa mkato na ukubwa wa pango. Kama mita 6 zimekuwa 7.5, andika karatasi moja yenye tarehe, vipimo viwili kando kwa kando na picha kutoka pale pale uliposimama mara ya kwanza, kisha ipeleke iambatishwe kwenye faili lile lile. Usianzishe ombi jipya. Yakiwa mawili kwa kalvati moja, yote mawili husimamishwa hadi mtu ayalinganishe.